Kupima wasifu wa karani wa kuingiza data

Hamjambo wenzangu wa Malindi. Jana nimeupima wasifu wa mwenzetu mmoja kwa ruhusa yake. Tangazo la kazi anayoiomba linataka kasi ya maneno 45 kwa dakika, usahihi wa asilimia 98, na Eksel. Nimegawa alama hivi: kasi 30, usahihi 40, Eksel 30. Usahihi nimeupa nyingi kwa sababu tarakimu moja ikikosewa huharibu hesabu nzima.

Ameandika "maneno 60 kwa dakika" na kuambatisha jaribio la dakika 5: maneno 300, yenye makosa 40. Makosa 40 kwa dakika 5 ni 8 kila dakika, kwa hiyo kasi halisi ni 52. Hapo kapata 30 zote. Lakini maneno sahihi ni 260 kati ya 300, kama asilimia 87. Usahihi: sifuri. Inaniuma, maana ni mtu mwenye bidii.

Eksel kaitaja tu, nikampa 10. Angeandika, "Nililinganisha orodha mbili za risiti kwa VLOOKUP", ningempa zaidi.

Jumla 40. Nimemwomba arudie jaribio taratibu, hata kasi ikishuka hadi 47. Nanyi nitumieni wasifu pamoja na tangazo lenyewe kabla ya Ijumaa.