YAH: MALALAMIKO KUHUSU MILIONI 2.4 ZANGU ZILIZOPOTELEA KWENYE UCHAKAVU WA LORI

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Salamu, na poleni na majukumu. Mkataba wangu wa kusimamia lori la tani 10 mnao ofisini, na sera yenu ya uhasibu mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitaieleza upya. Nadai shilingi milioni 2.4 ya gawio langu la asilimia 20 ya faida ya lori kwa mwaka 2022 na 2023. Ninaandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo sikuipata nilipofika kwenu kwa miguu yangu.

Nilipoingia ofisi ya uhasibu na karatasi yangu ya gawio, kijana wenu wa hesabu aliitazama, akacheka, akaniambia mbele ya madereva: "Mama, hizi si hesabu za maandazi." Basi. Hakujibu nilichouliza. Niliuliza jambo moja tu: kwa nini uchakavu wa mwaka wa kwanza ni milioni 32 na wa mwaka wa pili ni milioni 24, wakati gari ni lile lile, njia ni ile ile ya Mbeya na Dar, na safari karibu ni zile zile?

Jibu nimelitafuta mwenyewe, na halikuwa mbali. 24 ni robo tatu ya 32. Ukiona uchakavu wa kila mwaka ni robo tatu ya uliotangulia, ujue mtu anakata asilimia 25 ya thamani iliyobaki kitabuni. Hiyo ndiyo njia ya salio linalopungua. Gari lilinunuliwa milioni 128. Robo yake ni 32, zinabaki 96. Robo ya 96 ni 24, zinabaki 72. Mwaka wa tatu ingekuwa 18, wa nne 13.5, na gari lingebaki kitabuni kwa milioni 40.5.

Sera yenu inasema mstari mnyoofu kwa malori yote. Siku tulipolipokea gari, wewe mwenyewe Mkurugenzi ulisimama pale yadi ukasema tutalitumia miaka minne kisha tutaliuza kwa milioni 40, na mkaandika hivyo hivyo. Toa 40 kwenye 128, zinabaki 88. Gawa kwa minne: milioni 22 kila mwaka, hazipandi wala hazishuki.

Sasa tazameni faida. Kabla ya uchakavu, karatasi zenu zinaonyesha milioni 52 mwaka 2022 na 52 tena mwaka 2023. Kwa mstari mnyoofu faida ni milioni 30 kila mwaka, na gawio langu ni milioni 6 na 6. Kwa njia aliyotumia kijana wenu, faida ni milioni 20 mwaka wa kwanza na 28 wa pili. Nikapewa milioni 4, kisha 5.6. Badala ya 12 nimepokea 9.6.

Mtaniambia kwamba mwishoni yote ni sawa. Ni kweli, na hapo ndipo penye uchungu. Gari likiendelea kuingiza milioni 52 kisha likauzwa kwa hizo milioni 40, njia zote mbili zinafuta milioni 88 zile zile kwa miaka minne, ile nusu milioni iliyobaki kitabuni ikifutwa siku ya kuuza, na faida ya jumla ni milioni 120 kwa vyovyote. Njia haiongezi wala haipunguzi hata shilingi. Inachofanya ni kuhamisha faida kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine. Salio linalopungua linaibana faida mwanzoni na kuiachia mwishoni. Mwenye gari anayekaa miaka yote minne hapotezi kitu. Anayepoteza ni yule ambaye mkataba wake unaisha katikati, na huyo ni mimi. Mwisho wa 2023 gari lilipaswa kusimama kitabuni kwa milioni 84. Nyie mlikuwa na 72. Hizo 12 za katikati hazikuliwa na barabara. Ni faida ya miaka yangu iliyowekewa akiba miaka ambayo sipo. Asilimia 20 yake ni milioni 2.4.

Narudi kwenye siku ile, maana sijaimaliza. Kijana hakucheka tu. Nilikuwa nimesimama, kiti kilikuwepo kimewekewa mafaili na hakuna aliyeyaondoa. Alibonyeza kalkuleta yake, akaigeuza kioo kinitazame kama mtu anayemwonyesha mtoto picha, akasema: "TRA ndiyo wanataka asilimia 25. Mama, hizi si hesabu za maandazi." Utingo wawili waliokuwa wanasubiri posho wakacheka naye. Nilikuwa na miaka miwili ya risiti za dizeli mkononi. Nikazirudisha kwenye mfuko nikatoka.

Ndiyo, niliuza maandazi pale stendi ya malori kabla ya kuajiriwa kwenu, na karai langu sikulifuta nusu ya bei siku niliyolinunua.

Na hilo la TRA ni kosa la mtu anayejiita mhasibu. Asilimia 25 kwa magari makubwa ya mizigo ni ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kwa ajili ya kukokotoa kodi. Wakati wa kodi, uchakavu wa vitabuni unarudishwa wote kwenye faida, kisha ndipo punguzo la TRA linatolewa. Kampuni ikitumia mstari mnyoofu kwenye vitabu vyake, kodi haibadiliki hata senti. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16 kinataka njia ifuate jinsi mali inavyotumika kweli. Sikatai kwamba salio linalopungua lina mahali pake: gari linalofanya kazi nyingi likiwa jipya, kisha likaanza kulala gereji. Letu lilipiga safari zile zile mwaka wa kwanza na wa pili.

Nilikuwa nimeshaamua kuyaacha. Kisha nikaona karatasi ya 2024 ya aliyenirithi: uchakavu milioni 16! Baada ya mimi kuondoka mmerudi kwenye mstari mnyoofu. Mmechukua 72, mkatoa 40, mkagawa kwa miaka miwili iliyobaki. Faida yake ni milioni 36, gawio lake 7.2. Simwonei wivu, ana familia. Lakini mimi nilibebeshwa uchakavu mzito, yeye akapewa mwepesi, kwa gari moja, na hakuna mstari hata mmoja unaoeleza kwa nini njia imebadilishwa.

Kwa hiyo naomba milioni 2.4 ndani ya siku 14. Pamoja nayo nataka hesabu mpya ya miaka yangu miwili, yenye sahihi ya mhasibu aliyesajiliwa, si ya kijana. Na kwa kuwa nimelazimika kuandika haya yote, nataka pia barua ya kuniomba radhi, isomwe pale pale ofisi ya uhasibu, madereva wakiwepo.

Siku ya 15 wakili wangu atafungua madai pamoja na riba tangu Januari 2023, na nakala ya karatasi zote tatu itakwenda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Kijana atawaeleza wao hizo hesabu zisizo za maandazi.

Wenu,
Aliyekuwa msimamizi wa lori la tani 10

Viambatanisho: karatasi za gawio za 2022, 2023 na 2024.