Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti kwa wanachama: sera ya mauzo ya maziwa kwa mkopo

Ndugu Wanachama,

Hesabu za mwaka na taarifa ya mkaguzi mnazo kwenye makabrasha, na Meneja atazipitia ukurasa kwa ukurasa. Mimi nitakaa zaidi kwenye agenda namba 6, yaani namna chama kinavyowauzia hoteli, migahawa na shule maziwa kwa mkopo. Bodi imeandaa sera mpya na mnaombwa kuithibitisha, kwa hiyo ni haki yenu kujua kila namba iliyomo imetoka wapi.

Tuanze na tarehe 15. Siku hiyo kila mwezi chama humlipa mfugaji maziwa yake yote ya mwezi uliopita. Hoteli inayochukua maziwa leo ili ilipe baadaye inakopeshwa na mfugaji, ofisi inapitisha tu. Na maziwa hayana dhamana ndani yake. Aliyekopesha friji anaweza kulifuata, lakini chai ikishanywewa imenyweka.

Kwa utaratibu wa zamani ankara iliandikwa mara moja kwa mwezi, tarehe 1, na mteja alipewa hadi tarehe 14 kulipa. Mteja akichelewa siku mbili tu, tarehe 15 inatukuta mikono mitupu na wafugaji wanalipwa kwa fedha za kukopa benki, zenye riba. Hilo kila mtu aliliona. Ambalo halikuonekana kirahisi ni kwamba ukomo wa mkopo haukuwa na uhusiano wowote na tarehe hizo.

Chukueni hoteli inayopokea lita 60 kwa siku kwa shilingi 1,600. Kila siku deni linakua kwa shilingi 96,000. Mwezi wa siku 31 ukiisha, na siku 14 za kusubiri malipo zikiongezwa huku maziwa yakiendelea kwenda, hoteli hiyo imekwisha kubeba siku 45, sawa na shilingi 4,320,000, na bado haijachelewa hata siku moja. Ukomo wake kwenye leja ulikuwa shilingi 3,000,000. Maana yake ni kwamba iliupita siku ya 32, siku ileile ankara inapoandikwa. Karani wa kituo hawezi kumnyima maziwa mteja ambaye hajakosa lolote, kwa hiyo anaendelea kumpimia. Baada ya miezi miwili mitatu anazoea kuona kila mteja amevuka ukomo, na siku anapovuka yule ambaye kweli ameshindwa kulipa, hakuna anayeshtuka. Ukomo wa namna hiyo ni pambo la leja.

Sera mpya inaanza kwa kubadili tarehe. Maziwa ya tarehe 1 hadi 15 yataandikiwa ankara tarehe 16 na kulipwa ifikapo tarehe 23. Ya tarehe 16 hadi mwisho wa mwezi yataandikiwa ankara tarehe 1 na kulipwa ifikapo tarehe 8. Kwa mpango huu fedha za mwezi uliopita zinakuwa zimefikia tarehe ya kulipwa wiki nzima kabla ya siku ya wafugaji.

Baada ya hapo ndipo ukomo unapopatikana, nao si wa kukisia. Chukua nusu mwezi iliyo ndefu, siku 16. Ongeza siku 8 hadi tarehe ya kulipa, kisha siku 4 za kufuatilia kabla ya kusimamisha mkopo. Jumla ni siku 28. Ukomo ni lita za siku, mara bei, mara 28. Hoteli ile ya lita 60 inapata shilingi 2,688,000, na bodi itauandika 2,700,000. Mteja anayelipa kwa wakati hataugusa kamwe. Anayeugusa ama amechelewa, ama ameongeza lita bila kutuambia, na mambo yote mawili yanastahili simu siku hiyohiyo. Lita zinazotumika ni wastani wa miezi 3, na ukomo utapitiwa upya kila Januari na Julai. Meneja anaweza kuruhusu ziada ya asilimia 10 kwa maandishi, mara moja kwa nusu mwaka. Zaidi ya hapo ni kazi ya kamati ya mikopo, na mjumbe mwenye udugu au biashara na mteja atatoka nje wakati wa maamuzi.

Kuna dalili moja ambayo ningependa makarani waishike kuliko zote: mteja anayeongeza oda huku malipo yake yakipungua kasi. Mgahawa hauwezi kuuza chai maradufu kisha ukakosa fedha. Mara nyingi maziwa yetu yanakuwa yanauzwa kwingine kwa fedha taslimu, chini ya bei, ili kulipia kodi ya pango au mshahara. Huyo hapewi ziada hata kama ukomo haujafika.

Kuhusu kufungua akaunti nitapita haraka, maana fomu mnayo. Mteja mpya ananunua taslimu mwezi wa kwanza. Fomu inataka nakala ya leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, lakini sehemu iliyotugharimu zaidi ni jina la atakayelipa. Hoteli nyingi zimepangishwa: jengo lina mwenyewe na biashara ina mwingine. Mpangaji akihama, mwenye jengo anasema hatujui, na mpishi aliyekuwa akisaini mapokezi naye hayupo. Ndiyo maana anayesaini fomu lazima awe mwenye leseni.

Sasa ukumbusho. Siku 3 kabla ya tarehe ya kulipa, ofisi inatuma ujumbe wa simu wenye namba ya ankara na kiasi. Siku ya kwanza baada ya tarehe kupita, Meneja anampigia mhasibu au mwenye biashara, wala si mpishi, ambaye hana ufunguo wa fedha. Siku ya tatu inakwenda barua pamoja na taarifa ya akaunti na nakala za hati za mapokezi. Msiuone mzigo huo wa karatasi kuwa urasimu. Sababu inayotolewa kila mara ni kwamba "siku fulani maziwa yalikuja yamechacha", na jibu lake ni hati iliyosainiwa mlangoni, yenye lita, kipimo cha laktomita na matokeo ya kipimo cha alkoholi. Maziwa yaliyokataliwa yanaandikwa palepale na kupunguzwa kwenye ankara. Hati isiyo na saini ya mpokeaji haidaiki, basi tu.

Siku ya tano mkopo unasimama. Nasema mkopo, si maziwa. Ukimkatia mteja kila kitu, kesho anachukua kwa msambazaji mwingine na deni lako linakuwa la mwisho kwenye orodha yake. Bodi imeona ni afadhali aendelee kuchukua kwa fedha taslimu, akiongeza asilimia 10 ya bei ya siku kupunguza deni la zamani. Kwa lita 60 hiyo ni shilingi 9,600 kwa siku, au 288,000 kwa siku 30. Ni kidogo, lakini inaingia. Asiyekubali hata hilo anapewa notisi ya madai siku ya 30, na siku ya 60 jalada linakwenda mahakamani. Sheria yetu ya ukomo wa mashauri inatoa miaka 6 kudai deni la mkataba, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi muda huo unahesabiwa upya. Kwa hiyo barua za kuthibitisha salio, ambazo mkaguzi huzitaka kila Desemba, zisichukuliwe kama karatasi zake peke yake. Iliyosainiwa na mdaiwa ihifadhiwe kwenye jalada la deni.

Nakuja kwenye tengo la madeni mabaya, ambalo wengi mmeliulizia vituoni. Tengo si fedha zilizowekwa benki, wala si msamaha kwa mdaiwa. Ni makadirio ya sehemu ya madeni ambayo haitalipwa, yanayopunguza thamani ya madeni kwenye mizania ili tusigawane ziada ambayo haipo. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 9, kinachotumika tangu 1 Januari 2018, kinataka makadirio hayo yaguse hata deni ambalo tarehe yake haijafika.

Asilimia zetu zimetoka kwenye leja yenyewe. Tumefuata ankara za mkopo za hoteli na migahawa za miaka 3, jumla shilingi milioni 600. Katika hizo, milioni 180 zilipita tarehe ya kulipwa bila kulipwa. Milioni 60 zilivuka siku 30 za kuchelewa, milioni 24 zilivuka siku 60, milioni 12 zilivuka siku 90, na milioni 6 hazikulipwa kabisa. Hasara hiyo ya milioni 6 ikigawanywa kwa kiasi kilichofika kila hatua hiyo, tunapata viwango vya jedwali hili:

| Umri wa deni | Salio 31 Desemba | Kiwango | Tengo |
|---|---|---|---|
| Tarehe haijafika | 24,000,000 | 1% | 240,000 |
| Kuchelewa siku 1–30 | 6,000,000 | 3.33% | 200,000 |
| Siku 31–60 | 2,400,000 | 10% | 240,000 |
| Siku 61–90 | 1,600,000 | 25% | 400,000 |
| Zaidi ya siku 90 | 2,000,000 | 50% | 1,000,000 |
| Jumla | 36,000,000 | | 2,080,000 |

Mwaka ulianza na tengo la 1,400,000. Madeni ya 600,000, yale mliyoyafuta kwenye mkutano uliopita, yameondolewa humo, likabaki 800,000. Ili kufika 2,080,000 tumeongeza 1,280,000, na hicho tu ndicho kilichoingia kwenye matumizi ya mwaka. Anayesoma 2,080,000 kama hasara ya mwaka huu anahesabu mara mbili.

Shule hazimo kwenye jedwali. Za bweni huchelewa kwa sababu fedha zao hufika kwa mihula, na zikifungwa Juni na Desemba hakuna wa kusaini malipo, lakini katika miaka hiyo 3 zote zimelipa. Kuzichanganya na migahawa kungefanya migahawa ionekane salama kuliko ilivyo. Zitakuwa na kundi lao, na ukumbusho wao utatoka wiki 3 kabla ya shule kufungwa.

Jedwali hili linaharibika kwa njia moja kubwa, nayo ni malipo yasiyooanishwa na ankara. Mteja anatuma 500,000 kwa simu bila namba ya ankara, fedha zinakaa kwenye akaunti ya muda, na deni lake linaendelea kuzeeka kwenye leja. Au karani anazipeleka kwenye ankara mpya, ya zamani inabaki wazi, na mteja anaonekana wa siku 90 ilhali analipa kila wiki. Sera inaagiza malipo yasiyo na maelezo yaende kwenye ankara ya zamani zaidi isiyo na mgogoro, na akaunti ya muda isafishwe kila Ijumaa.

Mkutano unaombwa kuthibitisha tarehe mpya za ankara, kanuni ya siku 28 na viwango vya jedwali kwa mwaka ujao. Kufuta deni kutabaki mamlaka ya mkutano huu, kwa orodha yenye jina la mteja, kiasi na hatua zilizochukuliwa. Deni likifutwa linahamia kwenye daftari la pembeni, na mteja huyo hapewi tena mkopo mpaka alilipe lote.