YAH: MALALAMIKO KUHUSU MALIPO YA MKUPUO YALIYOKOSEWA KWA MAELEKEZO YA MHUDUMU WENU

Kwa Meneja,
Kitengo cha Wateja wa Biashara.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatano iliyopita niliandaa faili la kuwalipa wasambazaji 47 kwa ankara 63. Ankara za msambazaji mmoja nilizijumlisha kwenye mstari mmoja, nikatafuta zilizojirudia (yupo aliyetuma ileile mara mbili, ya pili kaiongezea kistari kwenye namba), kisha nikalinganisha akaunti zote na orodha yetu. Jumla ilikuwa 18,426,350.00, sawa na ripoti ya madeni. Mwidhinishaji wetu aliipitia orodha iliyochapwa, akatia sahihi.

Nilipolipakia, mfumo wa benki yenu ulijibu "Faili si sahihi", basi. Haukutaja mstari wala safu. Nikapiga simu, na mhudumu wenu akagundua upesi kwamba jina la msambazaji wa mstari wa 12 lina mkato katikati. Kwenye CSV mkato ndio unaotenganisha safu, kwa hiyo kila kilichofuata jina hilo kilikuwa kimesogea hatua moja kulia. Hapo sina ugomvi naye, kosa lilikuwa kwenye faili letu.

Ugomvi wangu ni kilichofuata. Aliniambia nifungue faili kwa Excel, nirekebishe jina na nihifadhi upya. Nikafanya hivyo. Mfumo ukakataa tena, safari hii kwa sababu akaunti moja ilisomeka 4.10023E+15. Akaniambia nibadilishe safu nzima iwe ya namba bila desimali. Nikabadilisha, faili likapokelewa.

Mtu anayefanya kazi ya mafaili haya kila siku angejua kilichotokea pale. Excel ikifungua CSV moja kwa moja huzichukulia namba za akaunti kuwa idadi, na idadi haianzi na sifuri. Mstari wa 19 ulikuwa 0042718305516, ukawa 42718305516. Tena Excel hutunza tarakimu 15 tu za maana, iliyozidi inageuzwa sifuri. Mstari wa 31 ulikuwa 4100226735089147, ukatoka 4100226735089140. Kubadilisha muonekano wa safu hakurudishi tarakimu iliyokwisha kupotea. Kunaondoa tu ile E iliyokuwa inatuonya.

Mtasema tulipaswa kukagua kabla ya kuidhinisha. Tulikagua. Lakini ukurasa wenu wa kuidhinisha unaonyesha idadi ya mistari na jumla ya fedha peke yake, na vyote viwili vilikuwa sahihi: mistari 47, jumla ileile. Hata kama ungeonyesha jumla ya namba za akaunti, kama zifanyavyo benki nyingine, mstari wa 19 ungepita, kwani sifuri ya mwanzo haibadilishi jumla. Kosa la namna hii linaonekana kwa kuhesabu urefu wa akaunti na kuilinganisha na ya asili, zote zikiwa maandishi:

```
=LEN(C20)
=EXACT(C20,Orodha!C20)
```

Nilizifanya fomula hizi kwenye faili la kwanza. Kwenye lile lililotoka mikononi mwa mhudumu wenu sikuzirudia, na hapo nakubali nilizembea: nililiona kuwa ni faili lilelile, kumbe sahihi ya mwenzangu ilikuwa kwenye faili jingine.

Malipo ya mstari wa 19 yamerudi baada ya siku tatu, mkiwa mmekata ada ya kutuma na ya kurudisha. Ya mstari wa 31 hayajarudi. Yameingia kwenye akaunti halali ya mtu tusiyemjua, na jina la mpokeaji tuliloliandika halikulinganishwa na chochote. Msambazaji wetu anapiga simu kila asubuhi, na mimi ndiye ninayepokea.

Naomba kwanza mwandikie benki iliyopokea fedha za mstari wa 31 ili zizuiwe na zirudishwe, na mnipe nakala ya barua hiyo. Ada zote mbili za mstari wa 19 zirudi kwetu. Halafu kiolezo mnachowapa wateja kiwe na safu ya akaunti iliyopangwa kuwa maandishi. Nimekifungua leo, bado ni ya kawaida, yaani kitaila sifuri nyingine kesho. Wahudumu wenu nao wawaelekeze watu kurekebisha jina kwenye programu ya uhasibu na kutoa faili jipya, au kulifungua CSV kwa Notepad, si kwa Excel. Na ukurasa wa kuidhinisha uonyeshe akaunti ya kila mstari, hata kama itabidi mtu ashuke kurasa tatu.

Nimeambatisha mafaili yote mawili, la kabla na la baada, pamoja na saa niliyopiga simu. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku saba.

Wako mwaminifu,

Mhasibu, Dawati la Malipo