Msimu wa pili hautoki, shosti

Tanga

Zuhura mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na watoto wote huku hawajambo. Sasa nijibu swali lako, maana naona limekunyima usingizi: msimu wa pili wa *1899*, ile tamthilia ya abiria wa melini, unatoka lini? Hautoki, shosti. Netflix waliiweka hewani tarehe 17 Novemba 2022, na mwanzoni mwa Januari 2023 Baran bo Odar, mmoja wa watunzi wake, akatangaza Instagram kwamba imefutwa. Wewe umefika msibani matanga yameshaanuliwa.

Najua utasema, "Mbona kila mtu alikuwa anaitazama?" Ni kweli. Siku nne za kwanza tu ilitazamwa kwa zaidi ya saa milioni 79. Lakini hebu iangalie vizuri hesabu hiyo. Tamthilia nzima ina sehemu nane, yaani saa saba na ushei. Mtu mmoja akiimaliza, ameongeza saa saba. Watu saba wakitazama sehemu ya kwanza tu kisha wakahama, nao wameongeza saa saba zilezile. Kwenye orodha ya zinazotazamwa sana huwezi kuwatofautisha, ila mwenye kampuni anawatofautisha vizuri sana, kwa sababu anaona kila mmoja wetu alipobonyeza kitufe na kuondoka.

Hapo ndipo *1899* ilipopigwa. Kampuni ya utafiti ya Digital i ilikadiria kwamba walioanza na kufika mwisho walikuwa kama theluthi moja tu. Na mimi siwalaumu walioondoka. Abiria wanazungumza Kijerumani, Kifaransa, Kidenmaki, Kipolandi na Kikantoni, wengi hawaelewani wao kwa wao, na sehemu tatu nzima zinapita hujui hata unatafuta nini. Mimi nilipenda. Shemeji yako alilala.

Sasa weka gharama juu yake. Ile bahari haikuwepo! Waliigiza Babelsberg, jirani na Berlin, ndani ya ukumbi uliozungukwa na ukuta mkubwa wa skrini zinazoonyesha mawimbi na mawingu. (Waigizaji wenyewe walikuwa ndani ya dunia ya bandia kama wale abiria, jambo ambalo mashabiki hawachoki kulikumbushia.) Kitu kama hicho hakipungui bei msimu wa pili. Waigizaji nao hudai zaidi, huku watazamaji wapya wakiwa adimu, kwani nani ataanza hadithi katikati? Mwezi huohuo Ted Sarandos wa Netflix alisema kwamba hawajawahi kufuta tamthilia iliyofanikiwa, na kwamba nyingi kati ya zilizofutwa zilikuwa zinazungumza na watu wachache kwa bajeti kubwa.

Kinachoniudhi ni kwamba ugonjwa huu unajilisha wenyewe. Watu wameumwa na nyoka mara nyingi, sasa wanaogopa ung'ongo: wanasubiri hadithi iishe yote ndipo waanze. Wakisubiri, wanaomaliza mapema wanakuwa wachache, na tamthilia inafutwa kwa sababu ya walewale waliokuwa wanaingoja.

Turudi kwa Maura wetu, yule abiria anayegundua mwishoni kwamba safari yote ya melini ilikuwa ya bandia. Anazinduka ndani ya chombo cha angani kiitwacho Prometheus, jina lilelile la meli iliyopotea. Skrini inaonyesha tarehe 19 Oktoba 2099, miaka 200 kamili tangu siku ile ya melini. Kisha ujumbe wa kaka yake Ciaran unamkaribisha kwenye uhalisia. Hapo tumeachwa kwenye mataa, na hapo ndipo mabishano yalipoanza. Kundi moja linashikilia kwamba chombo hicho nacho ni uongo, safu nyingine ya mchezo uleule: tarehe imelingana mno, na anayetuambia kwamba huu ndio ukweli ni Ciaran, ambaye Daniel, mume wa Maura, ameshatuonya kwamba ameuteka mfumo mzima. Kundi la pili linasema 2099 ni kweli, na Ciaran amewalaza watu ili awaokoe.

Watunzi walitaka misimu mitatu, kama walivyofanya kwenye *Dark*, tamthilia yao iliyotangulia. Ingetoka, kundi moja lingeshindwa na lingenyamaza. Sasa hakuna anayeshindwa. Hata *Firefly*, tamthilia ambayo kituo cha Fox waliikata mwaka 2002 baada ya kuirusha bila kufuata mpangilio, mashabiki wake waling'ang'ana hadi ikapata filamu mwaka 2005, na bado wanailalamikia mpaka leo. Nadhani sehemu ya utamu wa *1899* ni kwamba haikupata nafasi ya kuboronga mwisho wake.

Mimi niko kundi la kwanza. Usinicheke. Itazame *Dark*, imeisha yote, na uichague yenye sauti zao za Kijerumani na maandishi chini. Ila kabla ya hapo nipigie Ijumaa usiku uniambie: ungekuwa wewe Maura, ungemwamini huyo kaka?

Wako,
Rehema