Mzigo wangu wa Arua umepotea, kampuni inataka nisaini laki moja na nusu

Habari zenu ndugu zangu, hasa nyie mnaotuma mizigo kwa basi kila wiki, naombeni ushauri maana hii kitu inaninyima usingizi na wanataka jibu langu Ijumaa.

Mi nauza vitenge hapa Kampala. Nilituma pisi 12 za yadi sita kwa mama mmoja Arua, mteja wangu wa siku nyingi, kila pisi 65,000, kwa hiyo jumla 780,000. Kaunta wakapima kilo 8, karani akauliza thamani nikamwambia, akaandika mwenyewe 780,000 kwenye risiti, nikalipa 22,800 nikapewa namba ya mzigo. Basi likafika Arua asubuhi, mzigo haukuonekana. Yule mama ameenda pale ofisini mpaka amechoka, kila akienda ni "subiri mama, labda umeshushwa Nebbi au Pakwach, utakuja na basi la kesho".

Sasa hapo kwenye subiri subiri ndo pabaya. Nyuma ya risiti kuna maandishi madogo sana, yanasema madai yaletwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu siku mzigo ulipotakiwa kufika, la sivyo kampuni haihusiki. Simu ya karani si maandishi jamani, unaweza kubembelezwa hapo mpaka siku zinaisha! Mi nikapeleka barua kabla hazijaisha, kopi mbili, moja wakabaki nayo, nyingine wakagonga muhuri wa tarehe nikarudi nayo.

Kwenye barua sikuandika tu mzigo umepotea nilipeni, niliomba wachunguze na nikataja vitu vya kuangalia: orodha ya mizigo iliyopakiwa usiku ule, je namba yangu imo? Kama imo, nani alisaini kupokea Arua, na kama hakuna aliyesaini basi lilishusha nini njiani na nani alipokea. Kama kuna mtu alikabidhiwa, kitabu cha kuchukulia mizigo kinaonyesha kitambulisho cha nani? Nikasema pia mzigo ukipatikana upimwe mbele ya mteja, kwa sababu kilo 8 zikiwa kilo 5 tunajua umefunguliwa.

Jibu lao sasa. Wamekubali mzigo ulipakiwa, Arua hakuna saini, yaani umepotea mikononi mwao wenyewe. Lakini wanasema masharti yanawaruhusu kulipa mara 10 ya nauli tu, nauli ni 15,000 kwa hiyo 150,000 basi. Nikarudi kwenye risiti nikasoma sentensi yote, inaendelea: "isipokuwa mteja ametaja thamani na kulipa malipo ya ziada ya asilimia 1". Nikawauliza, mbona mlichukua 22,800? Wakasema zile 7,800 ni za kubebea mzigo. Jamani, 7,800 ndo asilimia 1 ya 780,000 kamili, haipungui wala haizidi hata shilingi, na bei zao za kubandika ukutani hazina kitu kinaitwa malipo ya kubebea, nimepiga picha. Inaniuma kweli, kwa sababu mteja nimeshamrudishia pesa yake yote, na yule mama hana kosa lolote.

Wameniletea karatasi nisaini nichukue 150,000 taslimu, imeandikwa ni "malipo kamili na ya mwisho". Naogopa nikisaini hapo nimefunga mlango, ingawa pesa naihitaji kweli. Je kuna aliyewahi kupokea kiasi kama hicho akaandika kwamba ni sehemu tu ya deni, na wakakubali?

Pili, wakikataa niende wapi kwanza? Najua kampuni za vifurushi zinapewa leseni na tume ya mawasiliano ya Uganda, UCC, na ukishalalamika kwa kampuni yenyewe bila kusaidiwa unaweza kuwapelekea wao. Na kuna utaratibu wa mahakama wa madai madogo, mwisho milioni 10, unajisimamia bila wakili, ila kwanza unampa mdaiwa notisi ya siku 14. Mi nawaza niandike hiyo notisi wiki hii, nidai 780,000 pamoja na nauli maana kazi haikufanyika, niambatanishe risiti mbele na nyuma, risiti ya duka nililonunua vitenge, barua yenye muhuri na picha ya bei za ukutani, halafu kopi niwapelekee UCC. Au kupeleka kote kwa pamoja kutachelewesha? Aliyepita njia hiyo aniambie alianzia wapi, na kama mteja wa Arua atatakiwa kuja Kampala kutoa ushahidi au maandishi yake yanatosha, maana ana mtoto mchanga na safari ile ni ya usiku kucha.

Muuza vitenge, Kampala