Barua ya wazi kwa mdogo wangu ambaye kichwa kiligoma kwenye pepa ya hesabu

Mdogo wangu,

Mama kanipigia simu jana usiku, kaniambia mtihani wa utamilifu wa hesabu umekukataa, eti ulikaa muda mrefu unaitazama karatasi tu na kalamu iko mkononi, na mama mkubwa naye keshasema ni jicho la watu, twende tukaombewe. Kuombewa sawa, nendeni, ila kuna mambo nataka uyajue kabla ya mtihani wenyewe wa kidato cha nne Novemba, na nayaandika hapa wazi manake nafundisha hesabu na nasimamia mitihani, hao waliokaa kama wewe nawaona kila mwaka, na wengi ni wale wanaosoma kwelikweli.

Ulimwambia mama kila kitu "kilifutika". Hakijafutika. Ushahidi umeutoa mwenyewe, si ulisema ulivyotoka nje hata bombani hujafika majibu yakaanza kurudi? Kilichofutika hakirudi. Ni sawa na jina la mtu unayemjua kabisa linapogoma kutoka mdomoni mkiwa mmesimama naye, halafu ukishaagana naye tu hilo hapo. Vitu vilikuwemo, ila njia ya kuvitoa ndo ilikuwa imezibwa.

Inazibwaje sasa. Mwili wako haujui tofauti ya pepa na mbwa mkali, ukiona hatari unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, viganja vinatoa jasho, pumzi inakuwa fupi fupi ya kifuani. Hiyo peke yake siyo shida, hata wanaofaulu wanaingia na moyo unadunda. Shida ni kinachofuata: kichwani kuna nafasi ndogo sana ya kushikilia vitu unapokokotoa, namba mbili tatu na hatua unayofuata, basi, na wewe ukianza "nimefeli, mama atasema nini, fulani keshageuza ukurasa", hayo maneno yanakaa kwenye nafasi ileile. Hesabu inakosa pa kukaa. Halafu taratibu inapanda homoni nyingine inaitwa kotisoli, hiyo ndo inafanya kukumbuka kuwe kugumu zaidi, na huwa inachukua kama dakika 20 hadi 30 kufika kileleni. Kwa hiyo ukipaniki dakika ya tano na ukaiacha ipande tu huku umekaa unasubiri kichwa kifunguke, unaisubiri hali mbaya zaidi. Ndo maana kukaa unakodolea swali hakukusaidii kitu, lazima ufanye kitu mapema.

Cha kwanza ni pumzi, na hapa watu wanakosea sana. Unaambiwa "vuta pumzi ndefu", basi mtu anavuta, anavuta, anavuta, haraka haraka, matokeo yake anatoa hewa chafu kupita kiasi, vidole vinaanza kufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, anadhani anazimia na anapaniki mara mbili. Kinachotuliza moyo ni kutoa. Fanya hivi: vuta kwa pua taratibu, ukifika juu ongeza kidogo kengine kwa pua hiyohiyo, halafu achia kwa mdomo polepole mpaka iishe, kutoa kuwe kurefu kama mara mbili ya kuvuta. Mara tano tu, ni kama dakika moja. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti wa watu waliofanya pumzi ya namna hii dakika tano kila siku kwa mwezi mzima, na furaha yao ya kila siku ilipanda kuliko ya waliofanya mazoezi ya kutafakari. Zingatia hapo, kila siku kwa mwezi. Ukiijaribu mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani itakuletea shida tu ya kukumbuka hatua zake, anza leo ukiwa kitandani.

Na jambo dogo ila muhimu, mimi kama msimamizi nakwambia: ukiwa unapumua mikono iwe juu ya meza, macho kwenye karatasi yako au kwenye ncha ya kalamu. Usiingize mikono chini ya dawati, usitazame dari halafu ukageukia pembeni, msimamizi atakuja kusimama nyuma yako na hapo presha ndo itapanda kabisa. Bonyeza nyayo sakafuni, usikie zimegusa. Hakuna atakayejua unafanya nini.

Cha pili ni kuliacha swali. Pepa yenu ni masaa matatu, maswali 14, sehemu A kumi ya maksi 6 na sehemu B manne ya maksi 10. Gawa mwenyewe, dakika 180 kwa maksi 100, maksi moja ina chini kidogo ya dakika mbili, kwa hiyo swali la maksi 6 ni kama dakika 11. Ukiona dakika tatu zimepita kalamu haijagusa karatasi, weka alama, nenda swali lingine unaloliweza hata kama liko mwisho, andika namba yake vizuri usije ukachanganya. Siyo kukimbia. Unapolifanya lile unaloliweza mikono inaanza kazi, ile sauti ya "nimefeli" inakosa nafasi maana nafasi imechukuliwa na hesabu, na mara nyingi lile la mwanzo linakuja lenyewe ukiwa hata huliwazi.

Na likirudi nusu nusu je? Hapa nataka tukae kidogo, manake mama anasema swali lililokuangusha lilikuwa la mfuatano, jumla ya namba 20 za mwanzo za 3, 7, 11, 15 na kuendelea, na fomula haikuja. Sasa wewe ulikuwa unaitafuta fomula kichwani. Usiitafute kichwani, anza kuandika unachokiona kwa macho. Andika 3, 7, 11, 15. Inaongezeka 4, andika. Namba ya 20 ni ipi? Kutoka ya kwanza mpaka ya ishirini unaruka mara 19, kwa hiyo 3 jumlisha 19 mara 4, yaani 3 + 76, ni 79. Andika. Sasa chukua ya kwanza na ya mwisho, 3 + 79 = 82. Ya pili na ya pili kutoka mwisho, 7 + 75 = 82 tena! Kila jozi inatoa 82, na namba 20 zinatoa jozi kumi, jibu 820. Hujiamini? Ijaribu kwa namba nne tu: 3 + 15 ni 18, jozi mbili, 36, na ukijumlisha 3 + 7 + 11 + 15 kwa mkono ni 36 hiyohiyo. Fomula yenyewe ndo hiyo uliyoifanya sasa hivi, nusu ya idadi zidisha ya kwanza jumlisha ya mwisho:

S = n/2 × (a + l)

Umeona, umeijenga bila kuikumbuka, na hata usingefika mwisho ile hatua ya 79 iko kwenye karatasi, msahihishaji ana cha kukupa maksi. Kwenye karatasi nyeupe hana.

Ila kuna neno lazima nikwambie na usinune. Siyo kila kugoma kwa kichwa ni woga. Nimekuona unavyosoma, unafungua daftari, unasoma mfano uliosovuliwa, unatikisa kichwa "naam naam", unageuza ukurasa. Huko ni kutambua, siyo kukumbuka, na chumba cha mtihani hakikuulizi kama unaitambua fomula, kinakuambia itoe mwenyewe. Mwaka 2016 kwenye jarida la Science kulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, watu walijifunza maneno na picha, kundi moja kwa kusoma na kurudia kusoma, jingine kwa kufunga na kujipima kukumbuka, kesho yake wakatiwa presha makusudi, kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya majaji. Wale wa kurudia kusoma presha iliwaangusha, waliojipima haikuwagusa sana. Kwa hiyo dawa kubwa ya chumba cha mtihani unainywa nyumbani: funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokikumbuka, ndo ufungue ukaone kilichokosekana. Inachosha na inaudhi, na utaona kama hujui kitu, endelea hivyohivyo.

Asubuhi ya pepa usijiunge na lile kundi la nje ya mlango linaloulizana "mmesoma ile ya vekta?", kila mtu anamtia mwenzie hofu. Kaa pembeni na karatasi, andika kwa dakika kumi kila unachokiogopa, chafu chafu hivyohivyo, halafu ichane utupe kabla ya kuingia, usije ukaingia nayo mfukoni ikawa kesi. Hii nayo ilipimwa Chuo Kikuu cha Chicago, ikachapishwa 2011, na wenye woga ndo iliwasaidia. Sisemi itamfaa kila mtu, wengine kuandika kunawaongezea, wewe ijaribu kwenye jaribio la wiki uone. Na kukesha na kahawa usiku ule acha, moyo wako tayari unadunda bila msaada.

Kuna mpaka pia. Kama unatapika, unazimia, au huli wala hulali wiki kadhaa, hiyo siyo ya pumzi tena, mwambie mama akupeleke hospitali mapema, siyo wiki ya mtihani.

Jumamosi njoo kwangu saa mbili asubuhi na pasti pepa ambayo hujawahi kuifungua na saa ya mkononi. Simu utamwachia mama. Nitakuweka kwenye meza ile ngumu, nitakuwa natembea nyuma yako na viatu vinavyopiga kelele, na katikati nitakusimamisha makusudi nikuulize kitu ili nikuvuruge, halafu tuone unarudije kwenye swali.