Cheti cha ISO aulizwe aliyekitoa

Mhariri,

Kila msimu wa zabuni tunaletewa nakala za rangi za vyeti vya ISO 9001, na kamati nyingi huzitia tiki na kuendelea. Mimi ni mjumbe wa kamati ya manunuzi ya shule ya bweni. Safari hii mzabuni wa unga wa sembe alipoleta chake, tuliamua kuuliza.

Ifahamike kwanza kwamba ISO yenyewe, yenye makao Geneva, haimpi mtu cheti. Inaandika viwango tu. Cheti hutolewa na kampuni ya ukaguzi, nayo hupewa ithibati na chombo kingine kama SADCAS ya ukanda wa SADC, UKAS ya Uingereza au KENAS ya Kenya. Hivyo tulianzia juu: tukaingia kwenye tovuti ya chombo cha ithibati, tukahakikisha kampuni ya ukaguzi ipo kwenye orodha, na mawasiliano yake tukayachukua kwenye tovuti yake rasmi. Simu iliyoandikwa kwenye cheti hatukuigusa, maana anayeghushi cheti hashindwi kuweka namba ya shemeji yake.

Barua pepe yetu ilikuwa fupi: tulitaja namba ya cheti, tukauliza kama bado ni hai, ni cha nani, cha anwani ipi na kwa shughuli gani. Kampuni za ukaguzi zenye ithibati zinawajibika kujibu maswali hayo kwa yeyote anayeuliza. Unaweza pia kutafuta kwenye IAF CertSearch, hifadhidata ya vyeti iliyoko mtandaoni, ila cheti kutoonekana humo peke yake hakumaanishi ni feki.

Jibu lilikuja: cheti ni halali. Hapo wengine wangefunga faili. Lakini kilihusu "uuzaji na usambazaji" katika ofisi ya mjini tu. Kinu kinachosaga unga, kilichoko wilaya nyingine, hakikutajwa kabisa. Mzabuni alipobanwa alisema kinu ni cha kampuni dada.

Tarehe nazo zinadanganya. Cheti huandikwa cha miaka mitatu, lakini wakaguzi hurudi kila mwaka, na mwenyewe akishindwa ukaguzi kinaweza kusimamishwa huku karatasi ukutani ikionyesha muda bado upo. Hilo ni mtoaji pekee atakayekwambia.

Isitoshe, ISO 9001 inahusu jinsi kampuni inavyoendesha kazi zake. Haisemi kwamba unga ule umepimwa sumukuvu. Kwa unga wenyewe tunadai leseni ya alama ya ubora ya TBS, nayo tunaiuliza TBS, kwa jina la bidhaa na la kiwanda.

Ninaomba wanaoandaa nyaraka za zabuni waongeze kipengele kimoja: jibu la maandishi la mtoaji wa cheti, lililotumwa moja kwa moja kwa mnunuzi bila kupitia mkononi mwa mzabuni, liwemo kwenye faili kabla ya tathmini.

Mjumbe wa kamati ya manunuzi,
Morogoro